Je, Wajua? Slaidi ya kawaida haifiki nusu ya ukuta mpana wa LED

Ukuta wa LED wa paneli 12 kwa 3, kila paneli ikiwa na pikseli 128 kwa 128, una pikseli 1536 kwa 384. Slaidi ya 16:9 hufunika pikseli 683 tu za upana huo. Ukiivuta ijae, nyuso za watu hutanuka vibaya. Basi iandae kwa 4:1 tangu mwanzo. Wapo wasemao pambizo hazihitajiki kwa kuwa LED haina fremu, lakini vichwa vya waliokaa mbele huziba sehemu ya chini, kwa hiyo pambizo ya chini ndiyo iwe pana zaidi. Kabla ya shughuli, onyesha slaidi yenye mstari mwembamba ukingoni na duara katikati: mstari ukipotea upande mmoja, picha imekatwa, duara likiwa kama yai, imevutwa.