Ukisikia "Yalaa", Limempata

Saa kumi na moja jioni ya Jumatatu, nikiwa kwenye daladala ya Mbagala, nilifungua status za WhatsApp kupoteza foleni. Ya tatu ilikuwa ya dada mmoja niliyefanya naye kazi meza kwa meza. Maandishi meupe, nyuma peusi: "Kuna watu kazi yao kubeba sinia tu, lakini ndio wanaoambiwa chakula kitamu. Mpishi hatajwi. Mungu anaona." Mwishoni akaweka emoji ya viganja vilivyokutanishwa.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimewasilisha bajeti mbele ya bosi. Jedwali lake alilitengeneza dada huyo Ijumaa, akatoka ofisini usiku. Bosi alinisifu. Nilisema asante, nikaketi.

Kituo changu kilinipita. Niliposhuka nilikuwa nimeshatunga jibu kichwani, kali, lenye vina. Ningelitupia status usiku uleule, na hadi leo naamini lingemkata maini.

Hizi mambo si ngeni kwetu, ila zamani hazikuwa na umeme. Mwanamke wa pwani aliyekuwa na neno na jirani hakugonga mlango. Alikwenda dukani, akachagua kanga kwa jina lake, yaani yale maandishi ya chini, kisha akajifunga na kupita mbele ya baraza la mwenziwe. Kwenye taarabu mtu huinuka na noti mkononi kwenda kumtuza mwimbaji pale tu ubeti unapofika kwenye neno analotaka likamfikie fulani, na njia anayopita ukumbini haichagui kwa bahati mbaya. Ukimwuliza wa kanga, atakwambia alipenda rangi. Ukimwuliza wa taarabu, atakwambia wimbo ni mtamu. Kijembe kizuri huja na mlango wa kutokea, na anayekirusha hushika ufunguo.

Ndiyo maana watu husema wametupa jiwe gizani. Aliyetupa haoni limeangukia wapi mpaka asikie mtu analia. Basi jibu langu lenye vina lingekuwa ndiyo hiyo "yalaa". Kabla yake, kulikuwa na sentensi tatu kuhusu sinia. Baada yake, ofisi nzima ingejua sinia ni la nani. Mama mmoja wa masijala, aliyekuwa amebakiza mwaka kustaafu, aliniambia kesho yake nilipomwonyesha: "Mwanangu, yeye hajakutaja. Ukijibu, utakuwa umejitaja mwenyewe."

Lakini kunyamaza bila kusoma nako si dawa. Mtu anaweza kunyamaza huku amevimba, akaanza kumpita mwenzake asubuhi bila salamu, na hilo pia ni jibu. Kwa hiyo nililisoma lile tangazo tena, safari hii polepole, kama mtu anayekagua risiti.

Angalia kwanza kinachofichwa. "Kuna watu" ni wingi, na wingi katika vijembe mara nyingi humficha mmoja. Vitenzi vyote havina siku wala mahali: "wanaoambiwa", "hatajwi". Aliyesema "chakula kitamu" ametoweka, na aliyepaswa kumtaja mpishi naye hayupo. Kisha "Mungu anaona", ambayo hufunga kesi kwa kuipeleka mahakama isiyo na rufaa. Ndugu zake ni "nimejifunza", "asanteni kwa kunikomaza" na "wenye kuelewa wameelewa". Hii ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inamwalika kila mwenye wasiwasi aingie.

Kufichwa huko, hata hivyo, hakuthibitishi kwamba mlengwa ni wewe. Kunaonyesha tu kwamba yupo mtu. Kinachothibitisha ni alama. Anayetaka jiwe limpate mtu fulani huacha kwenye maneno yake kitu kimoja ambacho mtu huyo pekee atakitambua: saa, kifaa, neno alilolitumia jana kikaoni. Kama angeandika "kuna watu wanasoma majedwali ya wenzao", nisingekuwa na la kujitetea. Yeye aliandika sinia na mpishi. Ni mfano unaofanana na jambo letu, lakini mfano unafanana na mambo mengi. Nikajiuliza ni nani mwingine anaweza kuwa na sinia hilo. Hapo nikakumbuka kwamba Jumamosi alikuwa ukweni kwenye shughuli, na Jumatatu asubuhi alikuja amefunga kidole plasta, akasema amejikata akimenya vitunguu.

Sasa nilikuwa na maana mbili, zote zina miguu. Muda nao haukusaidia: saa kadhaa tangu kikao, siku mbili tangu shughuli. Mazoea yake hayakusaidia pia, maana alikuwa mtu wa kutupia misemo mara mbili tatu kwa wiki, mingine ameipokea tu kwenye magrupu. Hilo la mazoea watu hulisahau. Mtu asiyeandika kitu mwaka mzima akiandika neno moja saa moja baada ya ugomvi, hiyo ni taarifa. Anayeandika kila siku, siku yoyote itaangukia karibu na ugomvi wa mtu.

Kuna kipimo kingine cha WhatsApp chenyewe. Mwenye status anaweza kuchagua nani aione, akawazuia baadhi au akawaachia wachache tu. Ukikuta wewe unaiona na wenzako wote wa chumba hawaioni, jiwe halikutupwa gizani tena. Ila kuzunguka na simu ukiuliza "wewe umeona?" ni kuitangaza habari kwa miguu yako, na saa ishirini na nne zikipita ingekuwa imefutika yenyewe. Mimi sikuuliza.

Utafiti mmoja wa mwaka 2005, wa Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao huko Marekani, unanipa moyo wa kutojiamini. Waliwapa wanafunzi kazi ya kutumiana sentensi, nyingine za kweli, nyingine za kejeli, kwa barua pepe au kwa sauti. Watumaji walitarajia wataeleweka mara 78 kati ya 100 kwa njia zote mbili. Kwa sauti walikaribia hapo. Kwa maandishi, wasomaji walipatia kama mara 56 tu, na kubahatisha kwa kurusha shilingi kungewapa 50. Wasomaji nao walikuwa na uhakika kwamba wameelewa. Kwenye status ya maneno kumi na sita, bila uso wala sauti, yule uhakika niliokuwa nao ndani ya daladala ulikuwa na thamani ya hiyo shilingi.

Wasiwasi wangu wa pili ulikuwa kwamba ofisi yote imeshajua. Nao una dawa yake. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walimvisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji anayeonekana wa kizamani, wakamwingiza kwenye chumba cha wenzake. Waliovaa walikisia karibu nusu ya waliokuwamo wataitambua picha. Waliotambua walikuwa kama robo. Tunajiona tumesimama jukwaani wakati ukumbi unatazama simu zake.

Basi nikafanya kitu ambacho sasa nakifanya kila mara. Nilichukua karatasi, nikaiandika ile status upya bila sinia, bila Mungu na bila "kuna watu". Ilibaki hivi: mtu alifanya kazi, mwingine akasifiwa, wa kwanza hakutajwa. Nikajiuliza swali moja tu, siyo kama ananisema mimi, bali kama hilo limetokea. Lilikuwa limetokea. Hata kama alikuwa akiwasema mawifi zake, mimi bado nilikuwa na deni lake la Jumatatu asubuhi.

Hapo uamuzi ukawa mwepesi. Status sikuijibu. Jambo nililijibu. Nilimwandikia bosi barua pepe ya mistari miwili, dada yule nikamweka kwenye nakala: jedwali la bajeti nililowasilisha Jumatatu lilitayarishwa naye, na maswali ya hesabu aulizwe yeye kwa sababu ndiye anayezijua. Kisha nikaenda mezani kwake. Sikusema "nimeona ulichoandika". Neno hilo lingemlazimisha kuchagua kati ya kukana na kugombana, na kila mtu akibanwa hivyo hukana. Nilisema, "Dada, jana nilipaswa kukutaja, nikapitiwa. Nisamehe." Akanitazama, akasema, "Haya."

Kama kwenye karatasi lingebaki jambo ambalo si kweli, njia ingekuwa nyingine. Kwenye status ya mtu binafsi, uongo usio na jina lako unaweza kuuacha ujifie. Kwenye grupu la kazi ambamo bosi na wateja wamo, na alama ni dhahiri, kimya kinaweza kusomwa kama kukubali. Mtu akiandika pale, "Wengine wakichelewesha ripoti lawama tunabeba sisi," na ripoti yako uliipeleka kwa wakati, jibu kwa tarehe bila kivumishi: "Ripoti ya mauzo niliituma Alhamisi saa nne asubuhi, ipo kwenye barua pepe." Usiongeze "kwa taarifa ya wanaopenda kusema", maana hapo utakuwa umechukua jiwe lake na kulirudisha. Mengine yote myamalize ana kwa ana, na kama ana cheo kukuzidi, baada ya salamu na kwa kuomba dakika tano.

Na kama ni kila wiki, alama zipo, na kazi yako inaumia, piga skrinishoti zenye tarehe uzipeleke kwa msimamizi pamoja na mfano wa kazi iliyokwama. Bila kazi iliyokwama utaonekana umeleta mipasho ofisini. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi pale unaposimama juu ya mambo kama kabila, dini, jinsia au ulemavu. Sinia na mpishi havimo. Lakini kijembe kinachokuja na kabila la mtu ndani yake kimeshavuka mpaka, hata kikipambwa kwa emoji gani.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunakunywa chai ya saa nne, mazungumzo yakafika kwenye shughuli za ukweni. Dada yule akaweka kikombe chini. "Mimi siendi tena," akasema. "Nimesimama jikoni tangu alfajiri, sufuria tatu za pilau, halafu mc anamshukuru wifi." Wote tukacheka. Mama wa masijala alinitupia jicho juu ya miwani yake, na mimi nikaomba nipitishiwe sukari.