Gawanya Kwanza, Ndipo Ununue

Tuchukue mama lishe wa Buguruni anayetumia lita 2 za mafuta ya kula kwa siku. Kila asubuhi humtuma mtoto duka la jirani kuchukua chupa mbili za lita moja, kila chupa shilingi 6,000. Amesikia kwamba Kariakoo kuna nafuu, naye anataka kujua nafuu hiyo ni kiasi gani. Bei nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka za soko lako.

Anakuta bei tatu. Dumu la lita 5 mtaani kwake ni 27,000. Ndoo ya lita 20 kwa muuzaji wa jumla ni 104,000. Muuzaji wa pili ana ndoo inayofanana na hiyo kwa 100,000, na kwa macho huyo ndiye mwenye bei nzuri. Lakini ukisoma lebo, ndoo ya pili imeandikwa kilo 17, si lita 20. Mafuta ni mepesi kuliko maji: lita moja ina uzito wa takriban gramu 920. Gawanya 17 kwa 0.92, utapata lita 18 na nusu hivi. Kwa hiyo lita moja ya ndoo ya 100,000 inasimama kwenye 5,400, na ya ndoo ya 104,000 ni 5,200. Kabla ya kulinganisha bei, vipimo vyote viwe vya aina moja: lita kwa lita, kilo kwa kilo.

Hesabu haijaisha, maana ndoo haiji yenyewe. Bodaboda kutoka Kariakoo ni 5,000. Ndoo moja sasa imefika 109,000, yaani 5,450 kwa lita, wakati dumu la mtaani ni 5,400. Kifungashio kikubwa kimeshindwa na cha kati. Akipakia ndoo mbili kwa nauli ileile, lita inashuka hadi 5,325, na ndoo zinashinda tena.

Zinashinda kwa kiasi gani? Kwa lita 40, ambazo ni za siku 20, ndoo mbili zinamwokolea 3,000 tu kuliko madumu. Ili apate hiyo 3,000 lazima atoe 213,000 kwa mkupuo. Akizikopa kwa riba, faida imekwisha. Lakini kuhama kutoka chupa kwenda dumu kunamwokolea 600 kwa kila lita, sawa na 24,000 kwa siku hizo 20, na kinachohitajika mkononi ni 27,000 tu. Nafuu yake kubwa iko mtaani kwake, wala si Kariakoo.

Kwa vitu vinavyooza, gawanya kwa kile kinachoingia sufuriani. Sado moja ya vitunguu inauzwa 4,500. Akiipima anapata kilo 2.4, sawa na 1,875 kwa kilo. Jirani anauza kwa mizani, kilo 2,000. Sado inaonekana rahisi. Lakini akimenya na kutupa vilivyooza katikati, kwenye sado zinabaki kilo 2 kamili, hivyo kilo inayoliwa imemgharimu 2,250. Vile vya mizani vilikuwa vikavu. Kilo moja ilibakiza gramu 950, sawa na takriban 2,105. Ajue pia kwamba sado hujazwa kwa mkono wa muuzaji, kwa hiyo ya leo si lazima ilingane na ya kesho. Aipime mara tatu kwa siku tofauti kabla ya kuiamini.

Haya yote yanakaa kwenye daftari la kawaida, mstari mmoja kwa kila muuzaji: bidhaa, muuzaji, kiasi kinachotumika, bei, nauli, na mwisho bei ya lita au kilo moja. Anayetumia jedwali la simu aanze na safu A kwa mpangilio huohuo, kisha kwenye F2 aandike:

```
=(D2+E2)/C2
```

Nauli ikibeba mizigo kadhaa, kila bidhaa ipewe sehemu yake. Linganisha bei za siku moja na bidhaa za ubora mmoja, kwa sababu mafuta yanayoisha haraka karaini si rahisi hata yakiuzwa kwa bei ndogo. Kisha zungushia duara muuzaji wa kwanza, na uweke alama kwa wa pili, wa kumkimbilia siku wa kwanza akiishiwa. Bei ya mmoja ikibadilika, rekebisha mstari wake tu.

Wiki hii anza na bidhaa tatu zinazokula fedha zako nyingi zaidi. Soma lebo, pima, ongeza nauli, gawanya. Usikubali neno "jumla" likufanyie hesabu.