Mbinu ya Ukatizaji Mnyororo na Mbinu ya Usomaji Sambamba: Uteuzi katika Uchunguzi wa Usugu wa Vimelea vya Malaria

Utangulizi

Mwaka 2020 watafiti walichapisha ushahidi kwamba vimelea vya malaria vyenye badiliko la R561H katika jeni ya K13 vilikuwa vimeenea katika baadhi ya maeneo ya Rwanda. Badiliko hilo linahusishwa na usugu dhidi ya dawa za artemisinini, na kiini chake ni besi moja tu: G iliyogeuka kuwa A. Makala haya yanafafanua mbinu mbili za kusoma mfuatano wa besi za DNA, kisha yanaonesha jinsi kila moja inavyoweza kuliona au kulikosa badiliko kama hilo.

Jinsi mbinu zinavyofanya kazi

Mbinu ya ukatizaji mnyororo ilitangazwa na Frederick Sanger na wenzake mwaka 1977. Kimeng'enya cha polimerasi huachwa kinakili DNA kwa kutumia nukleotidi za kawaida zilizochanganywa na kiasi kidogo cha dideoksinukleotidi. Hizi za pili hazina kundi la haidroksili ambalo nukleotidi inayofuata hujishikiza kwalo. Kwa hiyo kila inapoingia moja, mnyororo hukoma hapo. Hupatikana nakala za urefu wa kila namna, na kila moja hubeba mwishoni rangi ya besi iliyoikatiza. Nakala hizo hupangwa kwa urefu ndani ya mrija mwembamba kwa nguvu ya umeme, na mashine husoma rangi zinavyopita. Matokeo ni mchoro wa vilele, wenye besi zipatazo 700 hadi 900 zinazosomeka vizuri.

Katika aina ya usomaji sambamba inayotumika sana, ukatizaji ungalipo, ila ni wa muda. Vipande vya DNA hubandikwa juu ya bamba la kioo, na kila kimoja hunakiliwa mahali pake mpaka kiwe kishada. Nukleotidi zenye rangi na kizuizi huongezwa. Polimerasi huunga moja tu katika kila nakala, bamba hupigwa picha, kisha rangi na kizuizi huondolewa ili hatua irudiwe. Mamilioni ya vishada husomwa kwa pamoja, lakini kila usomaji ni mfupi, aghalabu besi 150 hadi 300.

Tofauti ya msingi, basi, ni hii: mbinu ya kwanza husoma wastani wa molekuli zote zilizomo katika sampuli, ilhali ya pili husoma kila kishada peke yake na kuhesabu.

Mfano wa mgonjwa mmoja

Mgonjwa anaweza kuambukizwa koo kadhaa za vimelea kwa wakati mmoja. Ichukuliwe kwamba asilimia 8 ya vimelea vyake vina badiliko la R561H. Katika mchoro wa vilele, kilele kidogo cha A kitakuwa chini ya kile kikubwa cha G, na kwa kawaida kilele kilicho chini ya takribani asilimia 20 hakitofautiki na kelele za mashine. Mgonjwa huyo ataandikwa kuwa hana vimelea sugu. Lau koo hizo mbili zingelingana kwa wingi, vilele viwili vingeonekana wazi mahali pamoja.

Kwa usomaji sambamba, eneo hilo likisomwa mara 1,000, takribani mara 80 zitaonesha A. Ikiwa mashine hukosea besi moja katika kila 1,000, kosa la kubahatisha lingetoa takribani usomaji mmoja tu. Hivyo 80 haziwezi kuwa kosa la mashine.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina mtego. Iwapo tone la damu lililotumika lilikuwa na vimelea 50 tu, asilimia 8 ni vimelea vinne, na kuusoma mfuatano mara 1,000 hakuongezi vimelea vilivyokuwamo. Tena, kosa la polimerasi katika duru za mwanzo za PCR hunakiliwa na kujifanya badiliko halisi. Tahadhari ni kuinakili kila sampuli mara mbili kwa kutengana, kukubali tu badiliko linalotokea katika zote mbili, na kuweka sampuli isiyo na DNA ili uchafuzi ujulikane.

Uteuzi

Mtafiti mwenye sampuli chache na swali kuhusu eneo moja, kama vile kuthibitisha badiliko katika koo iliyooteshwa maabara, ataridhika na ukatizaji mnyororo: majibu ni sahihi na hayahitaji uchambuzi mzito wa kompyuta. Anayetaka kujua uwiano wa koo ndani ya mgonjwa, au kusoma jeni nyingi katika mamia ya sampuli, anahitaji usomaji sambamba, ambao gharama yake kwa sampuli hupungua pale tu sampuli nyingi zinapowekwa pamoja katika bamba moja.

Hitimisho

Ripoti isemayo "badiliko halikuonekana" haikamiliki bila kutaja mbinu iliyotumika na kiwango cha chini inachoweza kukiona. Vinginevyo, usugu unaoanza kuchipuka utahesabiwa kuwa haupo.