Kabla ya Kumwita Mvivu

Kijana akitoka hospitali ya magonjwa ya akili, lalamiko la nyumbani mara nyingi ni lile lile: hasikii tena sauti, hagombani na mtu, lakini amekuwa mvivu. Anakaa kwenye mkeka mpaka jua linazama na haogi mpaka asukumwe. Katika skizofrenia wataalamu huita hali hiyo dalili hasi, yaani yale yaliyopungua kwa mtu: hisia usoni, maneno, ari ya kuanza jambo, hamu ya kuwa na wenzake na matarajio ya raha. Dawa zinazotuliza sauti kwa kawaida hazizisaidii sana dalili hizi, na ndizo zinazomzuia mtu kurudi kazini.

Tumchukue kijana wa mfano, Juma, mwenye miaka 27. Kabla ya kuugua alikuwa fundi cherehani. Sasa yuko kwenye kitengo cha utengamao, na siku nzima hasemi zaidi ya "ndiyo" na "hapana".

Timu huanza kwa kukaa naye na kumuuliza kuhusu wiki iliyopita. Kipimo kinachoitwa BNSS kina vipengele 13, na kila kimoja hupewa alama kuanzia 0 hadi 6. Ubora wake ni kwamba kinatenganisha alichofanya mtu na alichotamani kufanya. Juma hakumtembelea yeyote, lakini akiulizwa anasema anamkumbuka dada yake na angependa kumwona. Hamu ipo; kilichokwama ni kuanza. Mwenye kuhesabu matendo tu angeandika kwamba hajali watu.

Kisha wanatafuta chanzo, maana ukimya wa aina moja huweza kuletwa na mambo tofauti. Anayeogopa kwamba majirani wanamwinda hujifungia ndani kwa hofu. Mwenye sonona hujiona hana thamani na hulia au hukata tamaa. Anayelazwa mahali pasipo na shughuli hunyamaza kwa kukosa la kufanya. Na zipo dawa, hasa za zamani kama haloperidoli na sindano za kila mwezi, zinazoweza kukaza misuli na kuugandisha uso.

Muuguzi anamwomba Juma atembee ukumbini. Hatua zake ni fupi na mikono haipungi. Anapomkunja kiwiko taratibu, mkono unakataa, unakwenda kwa vishindo vidogo vidogo. Hiyo ni dalili ya dawa. Daktari anapunguza dozi kidogo kidogo huku timu ikiangalia kama sauti zinarudi. Baada ya wiki kadhaa wanapima tena: uso umefunguka, lakini ari ya kuanza bado iko chini. Sasa wanajua ni kipi cha kufanyia kazi.

Hapo ndipo mafunzo ya kuimarisha fikra yanapoingia. Skizofrenia hudhoofisha pia umakini, kumbukumbu na uwezo wa kupanga. Juma akitajiwa vipimo vya shati, yaani kifua, bega, mkono na urefu, anabaki na kimoja tu. Anaposhindwa mara kwa mara, anaacha kujaribu, na nje huonekana kama hataki.

Mtaalamu anakutana naye mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi kadhaa. Anaanza na vipimo viwili, ili apate zaidi ya anavyokosa. Juma anavisema kwa sauti, anaviandika, kisha kinaongezwa cha tatu. Kila mara anaulizwa, "Umetumia mbinu gani kukumbuka?" Swali hilo ndilo kiini, kwa kuwa mbinu huweza kuhama kutoka mezani kwenda maishani. Alhamisi anaingia karakana ya kushona akiwa na kadi yake, anampima mwenzake na kukata kitambaa.

Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha faida ya wastani, na huwa kubwa zaidi pale mtaalamu anaposhiriki, mbinu zinapofundishwa na mazoezi yanapoambatana na kazi halisi. Kumwachia mgonjwa michezo ya kompyuta peke yake humfanya hodari wa michezo hiyo tu. Timu inajua imekosea pale alama za mazoezi zinapopanda ilhali mtu hajabadilika karakanani. Mafunzo haya hayaondoi sauti wala hayachukui nafasi ya dawa.

Kwa hiyo, ukimpeleka ndugu yako kliniki, mweleze daktari anavyotembea, kama mikono imekakamaa, kama analia au anaogopa, na ni jambo gani anasema angependa kulifanya. Usimwachishe sindano kwa uamuzi wako. Nyumbani mpe kazi moja yenye hatua chache, mwandikie hatua hizo, na anza naye ile ya kwanza.