Barua ya Pongezi kwa Kamati ya Chemchemi

Mwezi wa Februari, ambao hapa Tororo ni mwisho wa kiangazi na ndio wakati chemchemi nyingi zinapofikia upungufu wake mkubwa, alinijia mwalimu mmoja wa mtaani kwetu akiwa na rasimu ya barua aliyokusudia kuipeleka kwa kamati ya maji iliyomaliza kuihifadhi chemchemi ya bondeni kwa michango ya wakazi wenyewe. Akaniambia, "Mzee, wewe umefanya kazi ya maji miaka mingi, nitazamie kama lugha imekaa sawa." Lugha ilikuwa imekaa sawa, wala imla yake haikuwa na taksiri, walakini nilipoisoma mara ya pili niliona kwamba, lau tungeliondoa neno "maji" na mahali pake tukatia "daraja" au "zahanati", barua ingeendelea kusomeka vile vile bila kupungukiwa na kitu. Nikamwomba tusiiguse kwanza, bali tushuke bondeni pamoja, tukachukue jerikeni moja tupu, na saa.

Kazi ya kuhifadhi chemchemi ina tabia moja inayowapunja wale walioifanya, nayo ni kwamba sehemu yake iliyo bora hufukiwa ardhini siku ile ile inapokamilika. Mgeni afikapo huona ukuta, bomba linalotoka ukutani, na ngazi za kushukia, akadhani hivyo ndivyo kazi yenyewe, na kama ni mtu wa kuandika barua atausifu ukuta. Kumbe ukuta ni kizuizi tu. Kazi yenyewe ilianza pale wanakamati walipolifuata jicho la chemchemi kwa majembe, wakichimba kidogo kidogo kuelekea mlimani, wakiacha nyuma tope na majani yaliyooza, hata wakalikuta lile tabaka gumu ambamo maji hutoka yakiwa safi, kabla hayajakutana na kwato za ng'ombe wala miguu ya watoto. Hapo ndipo palipojazwa mawe yaliyooshwa, ambayo maji hupita katikati yake bila kizuizi. Juu ya mawe kokoto. Juu ya kokoto ukatandikwa udongo wa mfinyanzi, ukakanyagwa na kushindiliwa hata ukawa kama kifuniko kisichopitisha tone. Na juu ya hayo yote ukarudishwa udongo wa kawaida na kupandwa majani. Shina la usalama wa maji yale ni kifuniko hicho cha mfinyanzi, ambacho leo hapana mtu anayeweza kukiona.

Pana jambo jingine ambalo mwalimu hakulijua, na ambalo nililipima kwa macho kabla ya kulipima kwa kamba. Bomba la kutolea maji lilikuwa limewekwa chini kidogo ya usawa wa lile jicho la asili. Mafundi wengi, kwa kutaka bomba liwe juu ili jerikeni isimame chini yake kwa raha, hulipandisha bomba kupita jicho, na maji yakishalazimishwa kupanda hujibu kwa kutafuta njia nyingine: baada ya miezi michache huonekana yakivuja kando ya ukuta au chini yake, na baada ya mwaka bomba hukauka huku bonde zima likiwa limelowa. Hapa kwetu fundi na kamati walichagua kazi ngumu zaidi, yaani kuteremsha chini uwanja wa kuchotea na kuchimba mfereji mrefu wa kuondolea maji yaliyomwagika, ili bomba libaki chini ya jicho na jerikeni ipate nafasi yake. Mwalimu alipoelewa hayo alinyamaza kitambo, kisha akatoa kalamu.

Tulikinga jerikeni ya lita 20, na saa ikatuonyesha kwamba imejaa kwa sekunde 50. Hesabu yake ni nyepesi: lita 24 kwa dakika, jerikeni 72 kwa saa. Katika daftari la kamati tulikuta nyumba 43 zilizochangia, na ikiwa kila nyumba itachota jerikeni nne asubuhi, hizo ni jerikeni 172, ambazo hazitajaa kwa chini ya saa mbili na dakika ishirini, hata kama hapana anayepoteza muda kwa kubadilisha chombo. Kwa maneno mengine, foleni ya alfajiri itakuwapo, nayo si dalili ya kamati kushindwa, bali ndicho kiasi ambacho ardhi yenyewe imekiridhia wakati wa kiangazi. Serikali ya Uganda katika mipango yake huhesabu watu 200 kwa chemchemi moja iliyohifadhiwa, na nyumba 43 hukaribia idadi hiyo au kuipita kidogo. Kwa hiyo nilimshauri mwalimu aifute ile sentensi yake iliyosema kwamba sasa "mitaa yote ya jirani itanufaika", kwani ahadi ya namna hiyo ikisomwa hadharani huwaachia wanakamati ugomvi ambao hawakuutafuta.

Sentensi ya pili iliyofutwa ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote: ilisema kwamba tangu leo watoto wa mtaa wameagana na maradhi ya tumbo. Hapa sharti nivuke mpaka, kwa kuwa jambo hili limechunguzwa ng'ambo tu ya pili, katika eneo la Busia, magharibi mwa Kenya, ambako chemchemi zipatazo 200 zilihifadhiwa kwa zamu, na wachumi Michael Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Peterson Zwane wakalinganisha zilizohifadhiwa na zilizokuwa zikingoja zamu yake. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2011, yalionyesha kwamba vijidudu vya kinyesi katika maji ya bombani vilipungua kwa takriban theluthi mbili, ilhali katika maji yaliyokwisha kuwekwa nyumbani upungufu ulikuwa kama robo tu. Na kuharisha kwa watoto wadogo kulipungua pia kwa kadiri ya robo. Robo si haba kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, na kila nikiisoma takwimu hiyo moyo wangu hufurahi. Lakini haiwi kuagana na maradhi. Maji hutoka bombani yakiwa mema, kisha huingia katika jerikeni yenye ukungu ndani, hukaa katika mtungi ulio wazi, na hutekwa kwa kikombe kilichoshikwa na vidole vya kila mtu. Ndiyo maana huko Busia palianzishwa baadaye desturi ya kusimamisha karibu na chemchemi tangi dogo la klorini juu ya nguzo, ili mchotaji atie dawa katika jerikeni yake kabla ya kuitwika.

Nilikumbuka pia kwamba katika kazi ile ya Busia wakazi walitoa kama sehemu moja katika kumi ya gharama, na hiyo nayo aghalabu ilikuwa nguvu za mikono yao. Huko si kutoa kidogo. Siku ya kazi ya mtu aliyeliacha shamba lake ili abebe mawe haionekani katika risiti, na kwa sababu haionekani husahaulika upesi kuliko shilingi. Daftari la kamati yetu, lililoandikwa na mhazini kwa mwandiko mdogo ulionyooka, lilikuwa na safu tatu: fedha, vitu, na siku za kazi, na katika safu ya tatu palikuwa na siku 186. Nilimwambia mwalimu kwamba barua ikosayo kila kitu isikose safu hiyo, kwa kuwa ajuza aliyeleta makarai matano ya mchanga na kijana aliyechimba siku sita wakisikia fedha peke yake ikitajwa, watajua kwamba mwandishi hakulifungua daftari.

Tukakaa chini ya mwembe, na kabla ya adhuhuri barua ilikuwa tayari. Naiweka hapa kama ilivyosomwa, kwa idhini ya mwandishi wake:

"Bwana Mwenyekiti, Bibi Mhazini, na wajumbe wote wa Kamati ya Maji, salaam.

Mimi ni jirani yenu, na nyumba yangu ni mojawapo ya zile 43 zilizomo katika daftari lenu. Nawaandikia kuwapongeza kwa kuikamilisha kazi ya chemchemi, na napenda mjue kwamba nimeitazama kabla sijaiandikia.

Nawapongeza kwa siku 186 za kazi mlizozikusanya na kuziandika moja moja, ili mchango wa mikono usipotee mbele ya mchango wa fedha. Nawapongeza kwa kulifuata jicho la maji hata kwenye ardhi ngumu, na kwa tabaka la mfinyanzi mlilolishindilia, ambalo halitaonekana tena na macho ya mtu. Nawapongeza kwa kukubali kuchimba mfereji mrefu kuliko mliokusudia, ili bomba lisipande juu ya jicho.

Leo, katika kiangazi, jerikeni ya lita 20 imejaa kwa sekunde 50. Naomba iandikwe daftarini pamoja na tarehe, ili mwezi kama huu mwakani mpime tena. Ikiwa itachukua muda mrefu zaidi, tazameni kwanza kama pana maji yanayovuja kando ya ukuta. Na mvua za Machi zikianza, yeyote atakayeona maji yamekuwa ya udongo awaarifu siku hiyo hiyo, kwani hiyo ni dalili kwamba maji ya juu yamepata tundu la kuingilia, au mfereji wa kukinga mvua ulio juu ya chemchemi umeziba.

Usafi wa jerikeni na mitungi ni dhamana yetu sisi wenye nyumba, wala hatutawalaumu ninyi kwa hilo. Nami naahidi siku mbili za kazi kila mwaka za kuzibua mifereji na kutengeneza ua.

Mimi jirani yenu, mwenye shukrani."

Mtu aweza kuuliza kwa nini barua ya pongezi izungumze habari za kuvuja na kuziba. Niliyoyaona katika miaka yangu ya kazi ni kwamba kamati hupongezwa mara moja tu, siku ya kufungua, na baada ya hapo husikia malalamiko peke yake. Wajumbe huchoka, mikutano husita, na siku mfereji unapoziba hapana anayejua ni kazi ya nani. Mwalimu alipoyatia mambo hayo ndani ya pongezi, aliyafanya yawe sehemu ya heshima yao, na kwa kuahidi siku mbili za mikono yake mwenyewe alijitoa katika daraja ya mtazamaji.

Barua ilisomwa Jumapili mbele ya wakazi waliokutana bondeni, kwanza kwa Kiswahili, kisha mjumbe mmoja akaifasiri kwa Kijapadhola na mwingine kwa Kiteso. Ilipofika penye siku 186, mzee mmoja aliyekaa nyuma aliomba isomwe tena hapo. Mkutano ulipokwisha, mhazini alilifungua daftari juu ya goti lake, akachora safu ya nne, akaandika tarehe, na chini yake: sekunde 50.