Madhara ya kukata, kuchoma na kuponda (michezo)

Madhara ya kukata, kuchoma na kuponda ni mgawanyo wa silaha unaotumika katika michezo ya kuigiza wahusika na michezo ya mkakati. Upanga na shoka hukata, mkuki na mshale huchoma, rungu na nyundo huponda. Kila aina hupambana kwa namna yake na deraya au mwili wa adui, hivyo silaha yenye namba kubwa inaweza kushindwa na yenye namba ndogo.

Asili yake

Wazo hili linatokana na deraya za Ulaya ya Zama za Kati. Deraya ya pete za chuma huzuia makali ya upanga kwa sababu makali hayo huteleza juu ya pete nyingi zilizofungamana. Lakini pete hizo hulegea na kupinda pamoja na mwili, kwa hiyo pigo la rungu hupenya hadi mfupani hata kama hakuna pete iliyokatika. Ndiyo maana chini yake lilivaliwa koti nene lililojazwa pamba au kushonwa kwa matabaka ya kitani.

Mchezo wa Advanced Dungeons & Dragons, toleo la pili (1989), uliweka jambo hili katika jedwali ambalo wachezaji waliruhusiwa kulitumia au kuliacha. Mwenye deraya ya pete hulindwa zaidi kwa pointi 2 dhidi ya kukata, hapati nyongeza dhidi ya kuchoma, na hulindwa pungufu kwa pointi 2 dhidi ya kuponda. Kwa dadu ya pande 20, tofauti ya pointi 4 kati ya upanga na rungu ni sawa na asilimia 20 ya uwezekano wa kupiga. Kasoro yake ni kazi: jedwali lilipaswa kuangaliwa kila silaha au deraya ilipobadilika. Katika toleo la tano (2014) deraya za kawaida hazitofautishi aina ya silaha. Tofauti imebaki kwa viumbe fulani, kama kiunzi cha mifupa ambacho hudhurika zaidi kwa kuponda.

Mfano: Battle for Wesnoth

Katika Battle for Wesnoth, mchezo huru wa mkakati ulioanzishwa na David White na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2003, hesabu hufanywa na kompyuta. Kila askari ana asilimia ya ukinzani kwa kila aina ya madhara. Kiunzi cha mifupa (Skeleton) kina 40% kwa kukata, 60% kwa kuchoma na -20% kwa kuponda. Alama ya kutoa huwachanganya wachezaji wapya: haimaanishi kwamba pigo linapungua, bali kwamba linaongezeka kwa 20%.

Kiunzi hicho kina pointi 34 za uhai. Mpiga mkuki (Spearman) hupiga mara 3 kwa shambulio moja, kila pigo 7, jumla 21. Askari wa deraya nzito (Heavy Infantryman) hupiga kwa rungu mara 2, kila pigo 11, jumla 22. Kwa kuangalia jumla hizo mtu angedhani wanalingana. Lakini pigo la mkuki hubaki 7 × 0.4 = 2.8, ambalo hukadiriwa kuwa 3, na la rungu huwa 11 × 1.2 = 13.2, yaani 13. Mkuki unahitaji kupata mara 12 ili kuua, rungu mara 3 tu. Hapo bado hakujahesabiwa mapigo yanayokosa.

Dhidi ya farasi mambo hugeuka. Mpanda farasi (Horseman) ana -20% kwa kuchoma na 30% kwa kuponda, hivyo mkuki hupanda kutoka 7 hadi 8 na rungu hushuka kutoka 11 hadi 8. Mkuki, wenye mapigo matatu, sasa ndio bora. Anayeajiri askari wa aina moja tu humpa mpinzani nafasi ya kuajiri jibu lake.

Kutoa badala ya asilimia

Age of Empires II hufuata njia nyingine. Huko kuna ulinzi wa karibu na ulinzi dhidi ya kuchoma, ingawa "kuchoma" humaanisha zaidi mishale: mkuki wa mkononi huhesabiwa kama pigo la karibu. Ulinzi hutolewa moja kwa moja katika pigo, na pigo haliwezi kushuka chini ya 1. Mshale wenye nguvu 4 ukimpiga askari farasi (Knight) mwenye ulinzi 2 na uhai 100, huondoa 2, hivyo mishale 50 inahitajika. Utafiti wa kwanza wa mishale (Fletching) huongeza 1 tu, lakini idadi hushuka hadi 34. Kwa njia hii ulinzi huumiza zaidi mapigo madogo yaliyo mengi kuliko pigo kubwa moja, jambo ambalo mfumo wa asilimia haulifanyi isipokuwa kidogo, kwa sababu ya kukadiria namba.