Bidhaa Isiyouzwa Inapoangusha Ripoti ya Stoo

Mzunguko wa stoo ni hesabu inayoonyesha bidhaa imeuzwa na kujazwa upya mara ngapi katika kipindi fulani. Hupatikana kwa kugawanya gharama ya mauzo kwa wastani wa thamani ya mali iliyokuwa stoo. Mizunguko peke yake haimwambii mwenye duka jambo kubwa, kwa hiyo programu nyingi huendelea na hatua ya pili: hugawanya siku za kipindi kwa mizunguko hiyo, zikapata siku ambazo bidhaa hukaa kabla ya kuuzwa. Hatua hii ya pili ndiyo yenye mtego.

Chukulia duka la vifaa vya ujenzi linalotazama robo mwaka, yaani siku 90. Saruji ina gharama ya mauzo ya shilingi 6,000,000 na wastani wa mali wa 2,000,000. Imezunguka mara 3, hivyo hukaa siku 30. Rangi ya kijivu, kwa upande wake, ilianza robo hiyo ikiwa na thamani ya 450,000 na ikamaliza vilevile, bila kopo hata moja kutoka. Katika lugha ya Python hesabu yake huandikwa hivi:

```python
mzunguko = gharama / wastani
siku = 90 / mzunguko
```

Mstari wa kwanza unapita bila shida, kwa sababu 0 gawanya kwa 450,000 ni 0. Wa pili unataka 90 igawanywe kwa 0, na hakuna namba inayoweza kuzidishwa kwa 0 ikatoa 90. Python hutoa kosa la `ZeroDivisionError` na kusimama papo hapo. Jedwali la Excel lingeandika `#DIV/0!` kwenye kisanduku kimoja na kuendelea na vingine. Hapa kopo la rangi linazuia hata hesabu ya saruji isitoke.

Kosa la namna hii linaweza kujificha muda mrefu. Ripoti ya mwaka mzima hutoka salama, maana ndani ya miezi 12 karibu kila bidhaa hupata japo mteja mmoja. Siku meneja anapoomba ripoti ya mwezi, bidhaa zisizo na mauzo huongezeka na programu huanguka. Ripoti inayokubali kipindi kirefu na kukataa kifupi ni dalili nzuri ya kufuata.

Tiba inayokuja haraka mkononi ni kulikamata kosa na kurudisha 0. Ni tiba mbaya kuliko ugonjwa. Siku 0 maana yake bidhaa inauzwa mara tu inapoingia, hivyo rangi iliyolala robo nzima itapanda juu ya orodha, mbele ya saruji, na mnunuzi anayeiamini ripoti ataagiza nyingine. Programu iliyoanguka angalau ilijulisha kwamba kuna tatizo.

Anayepitia msimbo wenye tiba hiyo kabla haujaanza kutumika anaweza kuandika maoni mafupi kama haya:

> `except ZeroDivisionError: return 0` iondolewe. Bidhaa isiyouzwa haina idadi ya siku. Irudishwe `None`, na ripoti iandike "Haijauzwa". Pia hesabu mbili ziunganishwe kuwa moja, ili wastani ukiwa 0 tusianguke tena. Ongeza majaribio ya bidhaa isiyo na mauzo na ya bidhaa isiyo na mali mwanzo wala mwisho.

Marekebisho yenyewe ni mafupi:

```python
def siku_za_kukaa(gharama, wastani, siku=90):
    if gharama <= 0:
        return None
    return siku * wastani / gharama
```

Alama ya `<=` imewekwa makusudi. Bidhaa zilizorudishwa na wateja zikizidi zilizouzwa, gharama ya mauzo huwa hasi, na bila kizuizi hicho ripoti ingeonyesha siku hasi. Hata hivyo, kuna jambo ambalo msimbo huu hauwezi kulitibu. Mali iliyoingia na kuisha ndani ya robo ileile ina 0 mwanzoni na 0 mwishoni, hivyo wastani wake ni 0 na jibu ni siku 0, hata kama ilikaa stoo miezi miwili. Hapo wastani utafutwe kwa mali ya kila mwisho wa mwezi, au ya kila siku kama kumbukumbu zipo.

Inabaki kupanga orodha. Python haiwezi kulinganisha `None` na namba, kwa hiyo ripoti iliyonusurika kwenye kugawanya inaweza kuanguka kwa `TypeError` inapopangwa kwa siku. Njia rahisi ni kuzitenga bidhaa zote zenye `None` kabla ya kupanga, na kuzichapa katika jedwali lao, zikitangulia zile zenye thamani kubwa zaidi, kwani ndizo zilizofunga mtaji mwingi.